Shajara ya mradi: kukadiria uwezo wa pawabenki kwa picha ya kasha lake

Ninachotafuta

Mradi una maswali mawili tu. Ukipewa picha ya pawabenki, bila kuifungua wala kuishika mkononi, je, unaweza kusema iko daraja gani la uwezo? Na matundu yake ni ya aina gani, yapi yanatoa umeme na yapi yanapokea? Madaraja niliyoweka ni manne: 5000, 10000, 20000 na 26800 mAh. Zilizo katikati, kama 10400 au 20100, zinaingizwa kwenye daraja lililo karibu nazo.

Njia ya mkato ni kusoma lebo. Tatizo ni kwamba lebo huwa upande wa chini ambao mpiga picha hakuugeuza, au maandishi yamefutika kwa kukaa mfukoni, au yanasomeka vizuri lakini yanadai kitu kisichowezekana. Kwa hiyo nimeamua kasha litoe makadirio yake kwanza, kisha lebo, kama ipo, isikilizwe kama shahidi wa pili. Mpangilio huo ndio uliouongoza mradi mpaka sasa.

Rula iliyomo ndani ya picha

Picha peke yake haina vipimo. Pawabenki ndogo iliyopigwa kwa karibu inafanana na kubwa iliyopigwa kwa mbali. Watu wengi hutatua hili kwa kuweka sarafu au kadi pembeni, lakini picha ninazozikusudia zimeshapigwa na wengine, na hakuna kadi ndani yake.

Kilichopo karibu kila mara ni tundu la USB. Tundu hilo halitegemei mtengenezaji wa pawabenki, kwa sababu vipimo vyake vimewekwa na kiwango cha USB chenyewe. Mdomo wa chuma wa USB-A una upana wa milimita 12.50 na kimo cha milimita 5.12. Wa USB-C ni 8.34 kwa 2.56. Plagi ya micro-USB ni 6.85 kwa 1.80, na tundu lake limezidi hapo kidogo tu. Ukishalitambua tundu, umepata rula ya milimita kwenye uso uleule unaotaka kuupima.

Kulitambua kunafanyika kwa umbo, kabla ya kupima chochote. USB-A ni mstatili wenye kona kali, na ndani yake kuna ulimi mpana wa plastiki uliokaa upande mmoja, ukiacha nafasi upande wa pili. USB-C ina ncha za mviringo na ulimi mwembamba katikati kabisa, kiasi kwamba ukiigeuza juu chini hubaki vilevile. Micro-USB ina kona mbili zilizokatwa mshazari upande mmoja. Kwenye picha yenye mwanga wa kutosha, alama hizi zinatosha.

Ipo hatari moja ambayo inastahili maelezo marefu kidogo. Kasha la plastiki lina tobo lake, na ndani ya tobo hilo ndipo unapoonekana mdomo wa chuma. Tobo la plastiki huwa kubwa kuliko chuma. Tuchukue tobo la USB-A lenye upana wa milimita 13.5. Ukilipima hilo na kulichukulia kuwa ni 12.5, kila kitu kwenye pawabenki kinapungua kwa asilimia 7 hivi. Kwa urefu mmoja hiyo ni kidogo, lakini ujazo ni upana mara unene mara urefu, kwa hiyo upungufu unarudiwa mara tatu, na pawabenki ya 37 Wh inageuka kuwa ya 29 na ushei. Dalili ni rangi: ukingo sahihi unang'aa kwa chuma na una mstari mwembamba wa kivuli kuuzunguka. Kama ukingo uliouchora una rangi ileile ya kasha, umeshika plastiki.

Mdomo wa chuma pia huwa umezama kidogo nyuma ya uso wa kasha, tuseme milimita moja na nusu. Kamera ikiwa umbali wa sentimita 20, chuma kinaonekana kidogo kwa asilimia 0.75 tu, na hilo naliacha lipite. Ikiwa sentimita 10, inakuwa asilimia 1.5 kwa kila upande, na sasa ujazo unavimba kwa asilimia 4 au 5. Picha za karibu sana zinaonekana nzuri kwa macho lakini kwa kazi hii hazinipendezi.

Kunyoosha uso wenye matundu

Hakuna anayepiga picha ya pawabenki akiwa mbele yake sawasawa. Uso wenye matundu huonekana umelala, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Lazima unyooshwe kwanza.

Njia iliyonijia mwanzo ni kutumia kona nne za tundu la USB-A: najua umbali wake kwa milimita, basi ninyooshe picha nzima kwa hizo. Kihesabu ni sahihi, kiutendaji haifai. Tundu ni dogo, na uso ni mpana karibu mara sita kuliko tundu. Kona ya tundu ikikosewa kwa pikseli moja, mwelekeo wa mstari unapinda kidogo, na ukiurefusha mstari huo hadi mwisho wa kasha unakuwa umehama mbali. Ukiendesha hesabu mara mbili kwenye picha ileile, unapata upana wa aina mbili.

Kwa hiyo kazi nimeigawa. Kona nne za uso wa kasha, ambazo ziko mbali mbali, ndizo zinazonyoosha mtazamo. Tundu linaachiwa kazi ya kipimo peke yake. Uso naunyoosha kuwa mraba wa pikseli 1000 kwa 1000, ingawa najua si mraba kweli:

```python
mraba = np.float32([[0,0],[1000,0],[1000,1000],[0,1000]])
H = cv2.getPerspectiveTransform(kona4, mraba)
uso = cv2.warpPerspective(picha, H, (1000, 1000))

upana = 1000 * 12.50 / tundu_w
unene = 1000 * 5.12 / tundu_h
```

Ndani ya mraba huo tundu linaonekana limevutwa kwa urefu, na mvuto huo ndio tunaoutaka. Tunajua tundu halisi lina upana gani na kimo gani, kwa hiyo kila mhimili unapata kipimo chake wenyewe. Hakuna haja ya kujua mapema uwiano wa uso wa kasha.

Kona zenyewe zinahitaji uangalifu. Makasha mengi yana kona za mviringo, hivyo kona unayoitafuta haipo kwenye picha. Ninachofanya ni kuchora mistari juu ya sehemu zilizonyooka za kingo na kuchukua mahali mistari hiyo inapokutana, hata kama ni hewani. Pale ambapo pande fupi ni nusu duara kamili na hazina sehemu iliyonyooka hata kidogo, nachora mstari unaougusa mviringo kwa nje, na mwelekeo wake nauazima kwenye kingo za wima za tundu.

Urefu

Uso wenye matundu unatoa upana na unene. Urefu unaonekana kwenye mgongo wa kasha, na mgongo hauna tundu.

Hapa kamera inasaidia. Tukishajua uso wa mbele kwa milimita, kona zake nne zinatosha kueleza kamera ilisimama wapi, mradi tujue urefu wa fokasi wa lenzi. Simu nyingi huandika kwenye picha kipengele `FocalLengthIn35mmFilm`. Ukikipata, zidisha kwa ulalo wa picha kwa pikseli, kisha gawanya kwa 43.27. Picha ya 4000 kwa 3000 ina ulalo wa pikseli 5000, na lenzi iliyoandikwa 26 inatoa takribani pikseli 3004. Baada ya hapo `cv2.solvePnP` inaweka kasha mahali pake mbele ya kamera, na kona ya nyuma ya mgongo inafuatwa kwa mstari kutoka kwenye lenzi hadi inapokutana na bapa la mgongo. Umbali kutoka kona ya mbele hadi hapo ndio urefu.

Inafanya kazi vizuri mgongo ukiwa unaonekana wazi. Kamera ikishuka sana hadi mgongo ukawa utepe mwembamba, pikseli moja ya kona ya nyuma inabeba milimita kadhaa, na urefu hauaminiki tena. Picha zilizopitia programu za kutumiana ujumbe ni shida nyingine: taarifa za lenzi huwa zimefutwa, na mara nyingi picha imekatwa pembeni, kwa hiyo hata katikati ya lenzi haijulikani. Kwa hizo naomba picha ya pili iliyopigwa kutoka juu moja kwa moja. Uwiano wa urefu kwa upana ukisomwa hapo, na upana tayari tunao, kazi imekwisha.

Kutoka ujazo hadi uwezo

Sehemu hii ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu hapa fizikia inaanza kusema.

mAh zinazoandikwa kwenye kasha ni za seli zilizomo ndani, kwa volti 3.6 au 3.7. Zidisha mAh kwa 3.7, gawanya kwa 1000, unapata wati-saa: 10000 ni 37 Wh, 20000 ni 74 Wh. Wati-saa ndizo zinazochukua nafasi, kwa hiyo swali linakuwa: lita moja ya pawabenki nzima, pamoja na plastiki, saketi na hewa, inabeba wati-saa ngapi? Kwa makasha ya kawaida jibu liko kati ya 200 na 300. Nyembamba zilizobanwa kwa makusudi, kama zile za wapanda milima, hufika karibu na 500.

Juu ya hapo kuna dari. Seli ya mviringo ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, ikiwa ya 3500 mAh hubeba kama 760 Wh kwa lita. Seli ya 21700 ya 5000 mAh iko karibu 740. Hizo ni seli tupu, bila kasha. Pawabenki nzima haiwezi kufika hapo ikiwa imejengwa kwa seli za aina hiyo, maana ukishazipanga silinda ndani ya boksi, pembe zinabaki tupu.

Unene nao unazungumza. Kasha lenye unene chini ya milimita 18 haliwezi kuwa na 18650 ndani, basi ni seli bapa. Lenye unene wa 21 au 22 na pande za mviringo linaelekea kuwa na silinda, na hapo unaweza kuzihesabu kwa upana. Pawabenki ya Xiaomi ya 10400 mAh ni mfano mzuri: milimita 90.5 kwa 77 kwa 21.6. Silinda nne ubavu kwa ubavu zinataka milimita 72, na zinazobaki ni kuta. Nne mara 2600 ni 10400, ndiyo maana ya tarakimu ile isiyo duara. Vivyo hivyo 26800 ni seli nane za 3350, na kwa volti 3.6 zinatoa 96.5 Wh, chini kidogo ya 100 Wh ambayo ndiyo kikomo cha kubeba kwenye ndege bila kuomba kibali cha shirika. Kikomo hicho kinaeleza kwa nini daraja hili lipo na kwa nini wengi wameishia hapo.

Picha moja, hatua kwa hatua

Pawabenki nyeusi, pande fupi nusu duara, USB-A moja na USB-C moja kwenye uso wa mbele, mgongo unaonekana vizuri, lebo haipo.

Baada ya kunyoosha, mdomo wa chuma wa USB-A ulikuwa pikseli 177 kwa upana na 320 kwa kimo. Upana wa kasha: 12500 gawanya kwa 177, milimita 70.6. Unene: 5120 gawanya kwa 320, milimita 16.0. Kabla ya kuendelea niligeukia USB-C, ambayo haikutumika kwenye hesabu, ili inihakikishie. Ilikuwa pikseli 120 kwa 163, yaani milimita 8.47 kwa 2.61, dhidi ya 8.34 kwa 2.56 za kiwango. Tofauti ni asilimia 2 au chini yake. Tundu la pili likikubaliana na la kwanza hivi, naendelea kwa moyo mweupe. Yakipishana kwa asilimia 6 au 7, narudi kuangalia kama ukingo mmojawapo ulikuwa wa plastiki.

Urefu ulitoka 145. Kwa sababu pande ni nusu duara, eneo la uso ni dogo kuliko mstatili: 16 mara 54.6, ongeza duara la kipenyo cha 16, jumla milimita za mraba 1075 badala ya 1130. Ujazo ni sentimita za ujazo 156.

Kwa 200 hadi 300 Wh kwa lita, hiyo ni 31 hadi 47 Wh, au takribani 8400 hadi 12600 mAh. Unene wa 16 unaondoa silinda, kwa hiyo ni seli bapa. Daraja la 10000 linakaa katikati kabisa. Lakini angalia majirani: 20000 ndani ya kasha hili ingehitaji 475 Wh kwa lita, jambo gumu ila si muujiza kwa kasha lililobanwa. Na 5000 ingekuwa 119, jambo rahisi kabisa kama ndani kuna hewa. Kwa hiyo programu haitoi neno moja. Inatoa 10000 ikiwa mbele, na majirani wawili nyuma pamoja na sababu zao.

Picha ya upande wa chini ilipopatikana, maandishi madogo yalisema 37Wh. Hiyo ni 237 kwa lita.

Tundu lipo, je, linatoa?

Kutambua umbo la tundu na kujua kazi yake ni mambo mawili, na nimeyaweka kwenye safu mbili tofauti. USB-A kwenye pawabenki ni ya kutoa. Micro-USB ni ya kupokea. USB-C ndiyo inayosumbua, kwa sababu tundu la kupokea tu, la kutoa tu na la kufanya yote mawili yanafanana kama mapacha.

Alama zilizochapwa pembeni, `IN`, `OUT` au `IN/OUT`, zinamaliza ubishi zikionekana. Zisipoonekana, kinachobaki ni kufikiri: pawabenki lazima iwe na mahali pa kuchajiwa. Kama kuna USB-A na USB-C pekee, basi USB-C inapokea, hilo ni la uhakika, na kutoa kunaachwa wazi. Kama kuna micro-USB pembeni, hata uhakika huo unaondoka, maana kazi ya kupokea imeshapata mwenyewe. USB-C zikiwa mbili, angalau moja inapokea, ila picha haisemi ni ipi.

Rangi ya ulimi wa USB-A, chungwa, kijani au zambarau, nimeipa uzito mdogo sana. Watengenezaji huitumia kutangaza chaji ya haraka kwa utaratibu wao wenyewe, na rangi ya bluu ambayo kwenye kompyuta ina maana yake, kwenye pawabenki haisemi lolote kuhusu nguvu. Wati zinazotoka kwenye tundu hazisomeki kwenye umbo lake. Zinasomeka kwenye lebo tu, pale inapoandika mfano `9V 2.22A`, ambayo ni wati 20.

Lebo kama shahidi wa pili

Programu ya kusoma maandishi ilikuwa inarudi na namba mbili za mAh kutoka kwenye lebo moja, na zote ni za kweli. 20000 ni ya seli. 12000 ni ile inayotoka kwenye tundu kwa volti 5, baada ya saketi kupandisha volti na kupoteza sehemu kama joto. Hakiki ni rahisi: 12000 kwa volti 5 ni 60 Wh, gawanya kwa 74, asilimia 81. Kwa hiyo namba mbili zikionekana na ndogo ikawa kama asilimia 60 ya kubwa, kubwa ndiyo ya daraja. Ikionekana moja tu, na iko karibu na 6000 au 12000, programu inauliza ujazo kabla ya kuamua.

Ujazo pia ndio unaokamata madai ya uongo. Chukua kasha lile la sentimita za ujazo 156 na uliandike 30000 mAh. Hiyo ni 111 Wh, au 712 kwa lita, karibu sawa na seli tupu bila plastiki wala saketi. Lebo hiyo inakataliwa. Kwa kasha lililojazwa pungufu hakuna kinga ya namna hiyo. Kasha la 10000 lenye seli ya 4000 na nafasi tupu linaonekana kwenye picha sawa kabisa na lililojaa, na hakuna hesabu ya kona itakayolifunua. Kwa sababu hiyo, namba ambayo programu inaisimamia kwa nguvu ni kiwango cha juu ambacho kasha linaweza kubeba.

Kinachofuata

Pawabenki zenye USB-C pekee ndizo zinazopimwa vibaya zaidi kwa sasa. Kimo cha milimita 2.56 ni kidogo mno: kikiwa pikseli 50 kwenye picha, kukosea pikseli mbili ni asilimia 4 ya unene wote. Nafanyia majaribio kuchukua upana wa 8.34 kutoka kwenye tundu na kuuacha unene utokane na `solvePnP`, pale taarifa za lenzi zinapokuwepo. Pengo kati ya 20000 na 26800 ni asilimia 34 tu, na kwenye makasha hayo mpaka sasa bado natoa madaraja yote mawili.